"Hebu tueleze kidogo kuhusu wewe": jibu la Upendo kwenye usaili wa karani wa hesabu, SACCOS moja ya Moshi mjini

Asante sana mama mwenyekiti. Shikamooni nyote.

Naitwa Upendo, mzaliwa wa Kibosho. Mwishoni mwa mwaka jana nimehitimu Shahada ya Uhasibu na Fedha hapa hapa Moshi, Chuo Kikuu cha Ushirika. Bila shaka kwenye wasifu wangu mmeona sehemu ya ajira ni tupu. Ni kweli, sijawahi kusaini mkataba wala kupokea mshahara. Ila fedha za watu nimezishika miaka minne, na naomba nianzie hapo, maana ndiko nilikojifunza kazi inayofanana na yenu.

Mama yangu anauza ndizi soko la Mbuyuni. Yeye na wenzake wana kikoba, wanachama 22, wengi ni wa sokoni na wachache ni majirani zetu wa kule juu. Nilipomaliza kidato cha sita, nikiwa nasubiri chuo, mama mwingine aliyekuwa akiwaandikia vitabu alihamia Dodoma kwa mwanawe. Wakaulizana nani ataandika, mmoja akasema, "Si Upendo yupo nyumbani tu?" Basi nikaanza hivyo. Malipo yangu yalikuwa soda na nauli ya haisi, na soda yenyewe siku nyingine haikuonekana.

Tunakutana kila Jumapili baada ya ibada. Hisa moja ni shilingi 5,000, mtu ananunua kuanzia moja hadi tano. Mfuko wa jamii ni 1,000. Mkopo hauzidi mara tatu ya hisa zako. Sanduku lina kufuli tatu, funguo zinakaa kwa watu watatu, na anayelala na sanduku nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Kazi yangu ni kuandika kila kinachoingia na kutoka, kukokotoa riba, na mwisho wa mzunguko tunapovunja kikoba, kumwambia kila mama gawio lake ni shilingi ngapi na limetokana na nini. Hapo kwenye "limetokana na nini" ndipo penye kazi. Mama aliyeuza ndizi mwaka mzima hakubali jibu la "kompyuta imesema".

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, Jumapili moja tulifungua sanduku, tukahesabu, fedha zikapungua shilingi 27,000 kulingana na kitabu. Tukahesabu tena. Zile zile. Mtu akaanza kumtazama aliyelaza sanduku, mwingine akauliza kwa sauti kama kufuli zile ni imara kweli. Yule mama akanyamaza kabisa, akawa anakunja na kukunjua kanga yake.

Nikaomba dakika 10. Darasani tulishafundishwa kwamba tofauti ikigawanyika kwa tisa bila kubaki, kabla hujamshuku mtu, tafuta tarakimu zilizogeuzwa. 27,000 gawa kwa tisa ni 3,000. Maana yake nitafute maelfu yenye tarakimu mbili zinazopishana kwa tatu: 41 na 14, 52 na 25, 63 na 36. Nikashuka na kidole ukurasa wa marejesho ya wiki iliyotangulia, nikakuta 63,000. Nikaomba kitabu cha mwanachama mwenyewe, kikasema 36,000. Mama huyo alilipa thelathini na sita, kitabu kikuu kikaandikwa sitini na tatu. Na mwandiko ulikuwa wangu.

Niliwaambia pale pale kwamba kosa ni langu, nikaanza kwa kumwomba radhi yule mama wa sanduku. Nilidhani wangeniondoa. Hawakuniondoa, ila walinipiga faini ya shilingi 2,000 kama mwanachama yeyote aliyechelewa, nami nikalipa. Tangu siku hiyo siandiki kiasi kabla mlipaji hajakitamka kwa sauti, nami nikakirudia, na mtu wa tatu akawa amehesabu noti. Mkutano umekuwa mrefu kidogo, na wapo wanaolalamika, lakini tumevunja kikoba mara mbili baada ya hapo na sanduku limelingana na kitabu mara zote mbili.

Fildi nilifanya wiki nane kwenye chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Nisiwadanganye, wiki mbili za mwanzo nilikuwa wa kutoa fotokopi na kufuata chai. Wiki ya tatu nikamwomba mhasibu anipe taarifa za benki za miezi mitatu ambazo zilikuwa hazijalinganishwa na daftari la fedha. Nikazilinganisha mstari kwa mstari kwenye Ekseli. Tofauti nyingi zilikuwa makato ya benki ambayo hayakuwa yameandikwa, na hundi mbili ambazo walioandikiwa hawakuwa wamezipeleka benki. Baada ya hapo nilikabidhiwa stakabadhi za mapokezi ya kahawa, nikawa nahakiki kilo za kwenye mizani na kilo zilizoandikwa kwa mkulima.

Mwanzoni mwa ombi langu niliandika kwamba nafasi hii naitaka, na sababu yangu ni ya kawaida tu. Wakina mama wanne wa kikoba chetu tayari ni wanachama wenu. Wanakuja kwenu mkopo wa kikoba unapokuwa mdogo kuliko biashara. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi kama chetu viko daraja la nne, nyie SACCOS mko daraja la tatu. Mimi nimekaa upande ule wa chini na najua mtu anayetoka huko anaogopa nini akifika dirishani: anaogopa fomu, na anaogopa kuuliza riba imepigwaje. Hilo la pili naweza kumweleza kwa Kiswahili, na kwa Kichagga cha Kibosho pia ikibidi.

Yapo nisiyoyajua, na ni afadhali myasikie kwangu. Mfumo wa kompyuta mnaotumia hapa sijawahi kuugusa. Sijawahi kukaa na mkopaji aliyeshindwa kulipa kiasi kikubwa. Kwenye kikoba aliyechelewa tulimfuata nyumbani kwake, tukala naye, tukapanga upya, na nadhani kwenu kuna utaratibu wa maandishi ambao itabidi niufuate hata pale moyo utakapokataa. Kodi nimesoma, ritani halisi sijawahi kuwasilisha. Mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, nakusudia kuanza kuifanya nikishapata kipato cha kulipia ada, kwa kuwa ya chuo nyumbani walishauza ndizi za kutosha.

Kwa sasa naishi Majengo kwa shangazi, nafika hapa kwa miguu, na nikipewa nafasi naweza kuanza hata Jumatatu. Kikoba nimeshaanza kumfundisha binti mwingine kuandika, ili Jumapili mtu awepo hata nikichoka.

Ule ukurasa wa 63,000 nimekuja na nakala yake, pamoja na ukurasa wa masahihisho. Majina ya wakina mama nimeyafunika. Mkipenda kuuona, mama mwenyekiti, upo kwenye bahasha hii.