Mwingiliano wa Dawa za Kumeza za Kuzuia Damu Kuganda na Viuavijasumu: Utaratibu na Ufuatiliaji

Mgonjwa wa miaka 34 mwenye valvu bandia ya mitrali humeza warfarini miligramu 5 kila jioni, na INR yake, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, imetulia kwenye 2.8 kwa miezi kadhaa. Anapata maambukizi ya njia ya mkojo, anaandikiwa kotrimoksazoli miligramu 960 mara mbili kwa siku, na siku ya sita anarudi akitokwa damu kwenye fizi kila anapopiga mswaki, INR ikiwa 6.9. Dozi ya warfarini haikuguswa. Kilichobadilika ni kasi ya ini kuiondoa mwilini.

Warfarini huzuia kimeng'enya VKORC1, ambacho huirudisha vitamini K katika hali ya kutumika, hivyo ini hushindwa kukamilisha vigandishi II, VII, IX na X. Dawa hii ina maumbo mawili, S na R, na umbo S, lenye nguvu zaidi, huvunjwa hasa na kimeng'enya cha ini CYP2C9. Sulfamethoksazoli, iliyomo ndani ya kotrimoksazoli, na metronidazoli huzuia kimeng'enya hicho, na S hulimbikizana. Siprofloksasini na erithromaisini hugusa zaidi njia za R, yaani CYP1A2 na CYP3A4, na athari yake hutofautiana sana kati ya wagonjwa. Maelezo kwamba viuavijasumu huua bakteria wa utumbo wanaotengeneza vitamini K hurudiwa mno, lakini kwa maoni yangu hayatoshi: sehemu kubwa ya vitamini hiyo hutoka kwenye chakula, na mgonjwa mwenye homa aliyeacha mchicha wake wa kila siku tayari yuko hatarini.

Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hutenda kinyume. Huchochea vimeng'enya vya ini, INR hushuka, na dozi ya warfarini huweza kuhitaji kuongezwa maradufu au zaidi. Hatari inayosahaulika huja matibabu ya kifua kikuu yanapokwisha, kwa kuwa uchochezi hufifia taratibu kwa wiki kadhaa ilhali dozi kubwa ikiendelea kumezwa.

Kwa kuwa kigandishi II hudumu siku kadhaa, INR ya siku ya pili inaweza kudanganya. Ipimwe kabla ya kuanza kiuavijasumu, siku ya tatu hadi ya tano, kisha kila wiki, na tena baada ya kumaliza. Kipimo hiki hakifai kufuatilia rivaroksabani, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, ambayo klarithromaisini huweza kuipandisha na rifampisini huishusha, na ambayo haitumiki kwa wenye valvu bandia za chuma.

Mgonjwa huyu asitishiwe warfarini kwa muda, kotrimoksazoli ibadilishwe kwa nitrofurantoini ikiwa figo zake ni nzima na maambukizi hayajapanda kwenye figo, na INR irudiwe ndani ya saa 24. Vitamini K, ikihitajika, iwe miligramu 1 hadi 2.5 tu kwa mdomo, kwani dozi kubwa huweza kuiacha valvu bila kinga hadi damu igande juu yake.