Namba za Somanga

Dumu la asali la abiria wa Masasi lilipasuka chini ya kiti cha konda, orodha nzima ya tiketi ikalowa. Sasa ni saa nane usiku, basi limeegeshwa yadi Temeke, na karani anataka orodha safi kabla ya saa kumi na moja, gari ligeuze kusini.

Seif kawasha taa ya ndani, kaweka kitabu cha tiketi mapajani. Afadhali vishina vilipona. Anasoma kishina, ananakili namba, kituo cha kupandia, nauli. 018421, Masasi. 018422, Masasi. Wino unasita, anapuliza ncha ya kalamu, anaendelea. Asali imemganda vidoleni, kila karatasi inamng'ang'ania.

Abiria wa Lindi waliisha upesi. Alipofika Nangurukuru, dereva akaamka kwenye kiti cha nyuma.

"Bado tu?"

"Bado, Mzee Kondo. Nimefika wa njiani."

"Hao waruke. Orodha mpya, nani atajua? Nauli zao tugawane, wewe nusu mimi nusu."

Seif hakujibu. Kishina kilichofuata kilikuwa 018463, Somanga. Alimkumbuka yule mama: mtoto mgongoni, ndoo ya dagaa mkononi. Alipokabidhi nauli hakwenda kukaa. Alisimama palepale mlangoni, basi likiyumba. "Mwanangu, nipe karatasi yangu kwanza. Mume wangu alipanda gari bila karatasi. Lilipopinduka, tulimtafuta siku tatu, kila tunakouliza tunaambiwa hakuwemo."

"Mzee, shikamoo," Seif alisema, ingawa walikuwa pamoja tangu jana alfajiri.

"Marahaba. Shikamoo ya nini saa hizi?"

"Nakuomba unisomee. Macho yamechoka."

"Nikusomee hao hao wa njiani?"

"Hao hao. Huyu wa Somanga alikuwa na mtoto. Tungepata ajali pale darajani Rufiji, ndugu zake wangekuja kutuuliza sisi. Mimi siwezi kuwaambia hakuwemo."

Mzee Kondo alisonya. Akakaa muda mrefu akijikuna shingo kwa sababu ya mbu. Hatimaye akasogea, akachukua kitabu, akakinyoosha mbali na macho yake ya uzee.

"Sitini na tatu, Somanga. Sitini na nne, Somanga. Hii ni Ikwiriri au Kibiti? Mwandiko wako mbaya, kijana."

"Ikwiriri."

Walimaliza wa Mkuranga adhana ya kwanza ikilia. Karani alipogonga mlango, Seif alimkabidhi karatasi, kisha akahesabu fedha mbele yake. Zilipungua nauli za watu wanne.

Mzee Kondo alivua kofia yake, akatoa noti zilizokunjwa ndani ya ukingo, akaziweka juu ya orodha.

"Hesabu tena," akamwambia karani.