Shukurani

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa uhai na afya alivyonijalia hadi kazi hii ikafika mwisho wake.

Tasnifu hii inahusu masimulizi na nyimbo za mifereji ya asili katika mteremko wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, mifereji ambayo wenyeji wa Old Moshi, Kibosho na Marangu waliichimba na kuitunza kwa vizazi vingi ili kuyafikisha maji ya mito ya mlimani katika vihamba vyao. Jalada lina jina moja, lakini waliofanya kazi ni wengi. Katika kurasa hizi chache nimejitahidi kueleza kila mmoja alitenda nini, kwa kuwa naamini shukurani isiyotaja tendo inaweza kumfaa mtu yeyote, na kwa hiyo haimfikii aliyekusudiwa.

Nawashukuru kwanza wasimamizi wangu wawili wa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao majina na sahihi zao zimo katika ukurasa wa ithibati. Msimamizi wangu mkuu aliisoma kila sura, kuanzia pendekezo la utafiti hadi viambatisho, na kila mara alinirudishia ikiwa na maoni ya kalamu pembezoni, yaliyoandikwa kwa utulivu na bila kunihurumia. Yeye ndiye aliyesisitiza kwamba kila simulizi iwekwe kwanza kama ilivyosemwa, iwe kwa Kimochi, Kikibosho au Kivunjo, ndipo tafsiri ya Kiswahili ifuate, na kwamba pale msimulizi aliponyamaza, alipocheka au alipomgeukia mwenzake kumuuliza jina la mtu, jambo hilo lionekane katika unukuzi. Sharti hilo liliirefusha kazi. Hata hivyo, ndilo lililoipa sura ya nne uzito wake, kwani wazee niliowarekodi walisimulia kwa kupokezana, mmoja akianza na mwingine akimalizia, na mtu anayemwandika mmoja tu kati yao huwa ameiacha nusu ya fani uwandani. Ninamshukuru pia kwa kutonifundisha namna ya kuandika kama yeye.

Msimamizi wangu wa pili alinipa swali ambalo sikuwa nalo katika pendekezo langu: katika kisa hiki, ni nani asiyepewa nafasi ya kusema? Utunzaji wa mifereji kwa desturi ulikuwa shughuli ya wanaume, na masimulizi ya kuchimbwa kwake yamejaa majina ya wanaume. Wanawake, ambao ndio waliochota maji hayo, wakanyweshea migomba na mboga, hawakuwamo isipokuwa kwa kupita. Swali lake ndilo lililonipeleka kwa akina mama, na huko nikakuta nyimbo ambazo sasa ni sura ya sita nzima. Nadhani hiyo ndiyo sura bora katika tasnifu hii, na asili yake ni swali hilo alilolitoa kwa sauti ya chini mwishoni mwa kikao ambacho kilikuwa kimekwisha kufungwa. Alifika pia Moshi kwa nauli yake mwenyewe, akapanda nami hadi kwenye banio la mfereji mmoja wa Kibosho, akawasalimu wazee kwa heshima zote kabla ya kuuliza neno lolote. Kwa kumtazama nilijifunza adabu ya uwandani ambayo vitabu vya mbinu za utafiti huitaja kwa mstari mmoja.

Wanajopo wa semina za idara, pamoja na watahini wa ndani na wa nje, walinipa maoni yaliyoboresha hasa sura ya nadharia. Nimeyazingatia, na ninawashukuru.

Kwa wasimulizi na waimbaji wangu, deni ni la namna nyingine, kwa sababu bila wao kusingekuwa na kitu cha kusimamia wala cha kutahini. Baadhi yao waliomba majina yao yasiandikwe. Kwa kuwa watumiaji wa mfereji mmoja ni majirani wanaojuana kwa koo, na kumtaja mmoja kungewatambulisha wenzake, wote nimewahifadhi kwa alama za herufi na namba. Ninajua kwamba alama hizo si heshima inayowatosha watu waliokuwa na majina makubwa katika vijiji vyao. Wajue basi kwamba ninawakumbuka kwa majina yao kamili na ya babu zao, kama walivyonitajia.

Wazee wa mifereji walikubali niwepo siku za kusafisha, pale kila kaya inayotumia maji inapotoa mtu wa kufyeka nyasi, kuzoa tope na kuziba mahali palipobomoka, na ambapo visa vingi nilivyovikusanya husimuliwa bila mtu kuombwa. Ningeketi na kinasasauti sebuleni ningepata muhtasari. Kule mfereji wenyewe ulikuwa unawakumbusha, kwa kuwa kila kona ina aliyeichimba, aliyegombana hapo na jirani yake, au aliyepatanishwa na mwenzake kwa jani la isale. Mzee mmoja wa Old Moshi, ambaye alama yake katika viambatisho ni M7, alinitembeza mkondo mzima wa mfereji wa ukoo wake akitumia fimbo, akisimama kila alipotaka niandike. Alifariki kabla sijaanza uchanganuzi. Wengine kadhaa wamemfuata, na kwa familia zao natoa shukurani hizi pamoja na pole.

Akina mama wa Kibosho na Marangu waliimba wakiwa kazini, wakipalilia kahawa na kukata majani ya ng'ombe, na walinikaribisha kwa masharti mawili ya haki: nisaidie kazi wakati wa kusikiliza, na nisiwasomee wanaume wa kijiji nyimbo zile za mafumbo kabla wao wenyewe hawajakubaliana zipi zitoke. Masharti yote mawili niliyatimiza. Nyimbo walizozizuia hazimo katika tasnifu hii, na ninawashukuru kwa kuniamini nazo.

Wasaidizi wangu wawili wa utafiti, vijana waliozaliwa na kukulia katika kata nilizofanyia kazi, walishughulikia sehemu kubwa ya unukuzi, ambayo ni kazi ya kuchosha masikio na isiyoonekana pindi maandishi yanapokamilika. Mmoja wao ana sikio la toni ambalo mimi sina, na tofauti nyingi za kimatamshi zilizobainishwa katika kiambatisho cha pili ziligunduliwa naye.

Ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa wa Kilimanjaro na ile ya Wilaya ya Moshi zilinipatia vibali, na watendaji wa kata na vijiji pamoja na wenyeviti wa vitongoji wakanifikisha kwa wahusika. Bodi ya Maji Bonde la Pangani, katika ofisi yake ya Moshi, iliniruhusu kupitia kumbukumbu za mifereji na za vibali vya kutumia maji, na kumbukumbu hizo zilinisaidia kulinganisha majina yanayotajwa katika nyimbo na yale yaliyosajiliwa. Nawashukuru pia wakutubi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, na watumishi wa Nyaraka za Taifa, waliotafuta majalada ya zamani ya Wilaya ya Moshi kwa subira hata pale nilipowapa maelezo hafifu ya kile nilichokihitaji.

Masomo haya yaligharimiwa kwa sehemu kubwa na Shirika la Ujerumani la Kubadilishana Wanataaluma (DAAD), kupitia ufadhili wake kwa wanafunzi wa shahada za juu wa Afrika Mashariki, uliolipa ada, posho ya kujikimu na sehemu ya gharama za uwandani. Shirika hilo halikuhusika katika kuchagua mada, kukusanya data wala kufikia hitimisho, na maoni yaliyomo humu hayapaswi kuhesabiwa kuwa yake. Mwajiri wangu aliniruhusu likizo ya masomo yenye malipo, na walimu wenzangu wa idara ya Kiswahili wakagawana vipindi vyangu bila nyongeza yoyote ya mshahara. Ninalitaja hilo hapa, pamoja na wafadhili, kwa sababu muda walionipa una thamani ya fedha. Ufadhili ulipokwisha kabla ya uandishi, chama chetu cha akiba na mikopo cha walimu kilinipa mkopo uliogharimia uchapishaji na safari za mwisho za Dar es Salaam.

Dada yangu alinipokea nyumbani kwake Sinza kila nilipokwenda chuoni, akanitengea chumba na meza, na hakuwahi kuniuliza nitamaliza lini.

Mama yangu mzazi ndiye mwalimu wangu wa kwanza wa Kikibosho, na katika kazi hii alikuwa pia mhakiki wake. Alisikiliza rekodi nyingi, akanieleza methali ambazo sikuzielewa, na zaidi ya mara moja alikataa tafsiri yangu hadi nilipopata iliyomridhisha. Marehemu baba alinisomesha kwa kahawa aliyoiuza kupitia chama cha msingi cha ushirika, katika miaka ambayo bei ilishuka na majirani wengi waliing'oa mibuni yao wakapanda nyanya na mahindi; yeye aliibakiza hadi mdogo wetu wa mwisho alipomaliza kidato cha nne. Mama mkwe alikaa na wanangu vipindi vyote nilivyokuwa uwandani, akawalea kama wake.

Mume wangu alibeba majukumu ya nyumba kwa ukamilifu, na alisoma rasimu ya mwisho yote kwa sauti ili niyasikie makosa ya sentensi zangu. Yeye na wanetu watatu wanajua mengine ambayo si ya kuandikwa hapa. Nawashukuru kwa upendo.

Waliotajwa wote wamechangia mema yaliyomo katika tasnifu hii. Upungufu utakaoonekana, wa data, wa tafsiri au wa hoja, ni wangu mwenyewe.

Kwa makubaliano na wasimulizi, nakala za rekodi zimekabidhiwa kwa familia zao, na mkusanyiko wa masimulizi ya kila mfereji, katika lugha ya wenyeji na kwa Kiswahili, umekabidhiwa kwa kamati ya mfereji husika. Haki ya kuyatumia masimulizi hayo nje ya taaluma imebaki kwao, na yeyote atakayeyahitaji kwa kazi nyingine anaombwa akawaone wao kwanza.

Moshi