Kitambulisho Unacho, Jina Je?

(Muziki unashuka)

Haya, mambo vipi nyie mnaopiga kura mara ya kwanza, leo nina dakika tano tu na prodyusa kashaanza kunikodolea macho kwa hiyo sizunguki. Juzi kijana katupigia simu hapa studio, kasema "dada, mi kitambulisho ninacho, siku ikifika naenda tu". Hapana mdogo wangu! Kitambulisho kinasema wewe ni nani, ila daftari la wapigakura ndo linasema unapiga na unapigia wapi. Jina lisipokuwemo mle, hata ukipanga foleni tangu alfajiri unarudi hivyo hivyo.

Kuna nchi serikali inakuandikisha yenyewe, lakini kwingine kwingi unajipeleka, wanaandika jina, tarehe ya kuzaliwa na unapoishi, mara nyingi wanakupiga picha na kuchukua alama za vidole ili mtu asijiandikishe mara mbili. Na zoezi linafungwa mapema kabla ya siku yenyewe. Wakibandika daftari nenda kalisome, herufi moja ikikosewa kwenye jina lako bora ugombane nayo sasa hivi kuliko siku ya kura, na kama umehama omba uhamishiwe kituo.

Sasa ile karatasi. Weka alama moja, kwa mgombea mmoja, ndani ya nafasi yake. Usiandike jina lako, usitie sahihi, usimchoree moyo (jamani msicheke, wapo), hiyo inaweza kuhesabika kura iliyoharibika. Ukikosea kabla hujatumbukiza muulize msimamizi, sehemu nyingi unapewa nyingine.

Na ni siri. Kenya mwaka 1988 kwenye mchujo wa chama cha KANU watu walipanga mlolongo nyuma ya wanayemtaka, yaani bosi wako, mwenye nyumba wako, wote wanakuona umesimama wapi. Kwenye kile kibanda hakuna anayekuona, aliyekupa kofia na hela hana namna ya kujua ulimchagua nani, ndo maana sehemu nyingi kupiga picha karatasi yako ni kosa.

"Kura yangu moja itabadilisha nini?" Sitawadanganya, mara nyingi tofauti ni kubwa. Lakini Virginia, Marekani, mwaka 2017 wagombea wawili wa ubunge wa jimbo walifungana kura 11,608 kwa 11,608, ikabidi jina litolewe kwenye bakuli! Walioamua kulala siku ile sijui walijisikiaje. Na hata tofauti ikiwa kubwa, wanasiasa wanaangalia nani hujitokeza, wazee wakijaa vituoni na vijana wakabaki kwenye simu basi ahadi zitawafuata wazee, mi ningekuwa mgombea ningefanya hivyo hivyo.

Prodyusa anasema laini zimejaa. Haya, wa kwanza, uko hewani, habari yako?