OMBI LA UHAMISHO WA MALI KUTOKA TAWI LA MBEYA KWENDA TAWI LA NJOMBE

Kutoka: Meneja, Tawi la Njombe
Kwenda: Meneja, Tawi la Mbeya
Tarehe: 10 Novemba 2025

Ndugu Meneja,

YAH: MIFUKO 140 YA DAP NA PAKITI 120 ZA MBEGU ZA MAHINDI

Husika na ujumbe tulioandikiana kwa simu tarehe 7 na 8 Novemba. Ombi hili linachukua nafasi ya ujumbe huo. Penye tofauti, lifuatwe lililoandikwa hapa.

Stoo yetu imebakiwa na mifuko 9 ya DAP. Mvua zimeanza na wakulima wanapanda. DAP ni mbolea ya kupandia: mahindi yakishaota, mkulima haiulizi tena, anasubiri Urea ya kukuzia. Kwa hiyo naomba mzigo utoke Mbeya Jumatano, tarehe 12 Novemba, asubuhi. Ile "wiki ijayo tutaona" ya kwenye simu itatukuta tumeshachelewa.

Ulinieleza kuwa mnayo mifuko 310, na 60 kati yake wateja wameshailipia. Hiyo 60 isiguswe. Mwanzo niliomba 150. Nimeshusha hadi 140 kwa sababu mifuko 140 ya kilo 50 ni tani 7, na Fuso tuliyoikodi haibebi zaidi ya tani 7 na nusu. Mtabakiwa na mifuko 110 ya kuuza.

Thamani kwa bei ya kununulia:
DAP, mifuko 140 × Sh 68,000 = Sh 9,520,000
Mbegu chotara, pakiti 120 za kilo 2 × Sh 13,000 = Sh 1,560,000
Jumla: Sh 11,080,000

Uliniandikia, "Chukua tu kaka, tutamalizana." Nakushukuru kwa moyo huo. Lakini mali hii iko kwenye leja yako, na ikitoka bila hati, upungufu utahesabiwa kwako. Naomba mtunza stoo aipunguze kwenye mfumo siku inapopakiwa; sisi tutaiingiza siku tutakapoihesabu.

Nauli italipwa na Njombe. Mbegu zipakiwe mbele, mbali na mbolea, na zisiwe za msimu uliopita. Turubai lifunike mzigo wote, kwani DAP ikilowa huganda na hairudi kuwa punje. Mfuko uliochanika usipakiwe. Kwa kuwa huu ni uhamisho na si mauzo, dereva abebe nakala ya ombi hili pamoja na hati ya kutolea mali, aonyeshe akisimamishwa njiani.

Mzigo utahesabiwa mbele ya dereva kabla hajasaini. Ukipungua, nitakupigia papo hapo, kisha nitaandika.

Naomba jibu kwa maandishi kabla ya saa 10 jioni kesho, ili nithibitishe gari.

Wako katika kazi,
Meneja, Tawi la Njombe

Nakala: Mkuu wa Ugavi, Mhasibu Mkuu