Mikate Mingapi Ndipo Faida Ianze? Somo la Gharama na Kiwango cha Kurudisha Gharama

Tuchukue tanuri dogo la mikate lenye mwokaji mmoja, oveni moja na aina moja ya mkate, unaouzwa shilingi 1,500. Mwenye biashara anauza kila siku na fedha zinapita mkononi, lakini mwisho wa mwezi hajui kama amepata au amekula mtaji. Tumfanyie hesabu.

Kwanza tutenganishe gharama kwa swali moja: nikioka mkate mmoja zaidi, gharama hii itaongezeka? Kama haiongezeki, ni gharama isiyobadilika. Kodi ya chumba ni 180,000 kwa mwezi, uoke mkate mmoja au elfu. Mshahara wa mwokaji ni 300,000, ulinzi na leseni 60,000. Kuna pia uchakavu wa oveni, ambao wengi huusahau kwa sababu hakuna anayekuja kuudai: oveni iliyonunuliwa 3,600,000 na kutarajiwa kudumu miaka 5 inakula 60,000 kila mwezi. Jumla ni 600,000.

Gharama zinazobadilika hufuata idadi ya mikate. Kwa kila mkate: unga 500, sukari, hamira, chumvi na mafuta 200, gesi 150, mfuko 50. Jumla 900. Gesi ina ukorofi kidogo, maana ile inayopasha oveni asubuhi huungua hata kabla ya mkate wa kwanza kuingia. Ikiwa ni nyingi, igawe: ya kupashia oveni iweke kwenye gharama zisizobadilika. Hapa tuiache yote upande mmoja.

Sasa mkate ukiuzwa 1,500, shilingi 900 zimeshakwenda kwenye vitu vilivyoutengeneza. Zinabaki 600. Hizi si faida bado. Ni mchango wa mkate huo katika kulipa zile 600,000 za mwezi. Kwa hiyo:

Kiwango cha kurudisha gharama = gharama zisizobadilika ÷ (bei − gharama inayobadilika ya mkate mmoja)

600,000 ÷ (1,500 − 900) = mikate 1,000

Tuhakikishe. Mauzo ya mikate 1,000 ni 1,500,000. Gharama zinazobadilika ni 900,000, ukiongeza 600,000 unapata 1,500,000. Hakuna faida, hakuna hasara. Kwa siku 26 za kazi, hiyo ni mikate 39 kwa siku ukikamilisha desimali kwenda juu, kwa kuwa nusu mkate haiuzwi.

Kuanzia mkate wa 1,001, kila 600 ni faida. Mikate 1,200 inaleta 120,000. Akitaka faida ya 180,000, aiongeze kwenye gharama zisizobadilika kabla ya kugawa: 780,000 ÷ 600 = mikate 1,300.

Je, akiuza 800 tu? Anapata hasara ya 120,000. Wengi hapa hukimbilia kufunga. Lakini akisimamisha uokaji mwezi huo huku kodi na mshahara vikiendelea, hasara ni 600,000 kamili. Kwa muda mfupi, kuuza chini ya kiwango ni nafuu kuliko kukaa bure, mradi bei inazidi 900. Kwa muda mrefu, hapana.

Angalia pia jinsi kiwango kilivyo chepesi kusogea. Unga ukipanda kwa 100 kwa kila mkate, mchango unashuka hadi 500, na sasa anahitaji mikate 1,200. Akipunguza bei hadi 1,400 ili kuvuta wateja, matokeo ni hayo hayo. Punguzo la shilingi 100 linaonekana dogo dukani, lakini linadai mikate 200 zaidi.

Adui wa kimyakimya ni mkate unaolala. Hesabu yetu ilidhani kila kilichookwa kimeuzwa. Mikate 5 ikitupwa kila siku, kwa siku 26 ni mikate 130, yenye gharama ya 117,000. Ili kuifidia lazima auze mikate 195 zaidi ya 1,000. Kwa maoni yangu, hapo ndipo pa kuanza kubana, kabla ya kugombana na mwenye nyumba kuhusu kodi.

Zoezi. Mwenye tanuri anaweza kukodi mashine ya kukandia unga kwa 120,000 kwa mwezi. Itapunguza upotevu wa unga, na gharama inayobadilika itashuka kutoka 900 hadi 800. (a) Kiwango kipya ni mikate mingapi? (b) Mashine inalipa kuanzia mauzo ya mikate mingapi?

Majibu. (a) 720,000 ÷ 700 = 1,028.57, yaani mikate 1,029, kiwango kimepanda. (b) Inaokoa 100 kwa kila mkate, hivyo 120,000 ÷ 100 = mikate 1,200. Akiuza chini ya hapo, aendelee kukanda kwa mikono.