Muhtasari wa ufuatiliaji wa madai: majalada matano, tawi la Mbeya

Kwa: Afisa Madai
Kutoka: Karani wa majalada
Ijumaa, 14 Novemba 2025

Dada, shikamoo. Haya ndiyo majalada matano uliyoomba kabla ya kikao cha Jumatatu. Nimeyasoma ukurasa kwa ukurasa. Kiasi kinachodaiwa nimekitoa kwenye fomu ya madai iliyosainiwa na mteja, si kwenye prefoma ya gereji wala barua ya wakala, kwa sababu ndicho mteja alichokiapia. Karatasi nyingine ikisema tofauti, nimeandika tofauti hiyo. Maneno ya mtathmini nimeyaacha kama alivyoyaandika, hata pale anapokwepa kusema moja kwa moja. Maoni yangu yako chini ya neno "Dokezo" tu, ili yasije yakachanganyika na ya jalada.

| Jalada | Hasara | Anachodai mteja (Sh) | Mtathmini, baada ya eksesi (Sh) | Hali |
|---|---|---|---|---|
| MG/231 | Semitrela, Kitonga | 68,390,000 | 47,832,500 | Ripoti ipo, swali la breki halijajibiwa |
| MT/088 | Moto dukani, Mwanjelwa | 42,600,000 | 19,980,000 | Ripoti kamili |
| WZ/054 | Wizi dukani, Iringa | 9,800,000 | Bado | Ripoti ya awali tu |
| KL/017 | Parachichi, Njombe | 18,000,000 | 7,560,000 | Ripoti ipo, taarifa ilichelewa |
| MG/246 | Bajaji, Kabwe | 1,350,000 | Hakuteuliwa | Nje ya kinga |

Jumla inayodaiwa ni Sh 140,140,000. Jumla ya mapendekezo ya mtathmini kwa majalada matatu aliyoyatolea hesabu ni Sh 75,372,500. Tafadhali usizilinganishe namba hizo mbili kikaoni kana kwamba zinazungumzia kitu kimoja. Ya kwanza ina majalada matano, ya pili matatu.

MG/231: Semitrela, bima kubwa

Maelezo ya hasara (uk. 2 na 3): Tarehe 19 Septemba 2025, saa 10 alfajiri, lori lililobeba viazi kutoka Njombe kwenda Dar es Salaam lilikuwa linateremka mlima Kitonga. Dereva anaeleza kwamba breki zilipata moto na kukataa, akaamua kuegemeza gari kwenye ukuta wa mwamba badala ya kulipeleka upande wa korongo. Kabini ilibonyea upande wa kushoto, trela likalala. Hakuna aliyeumia. Ripoti ya polisi wa usalama barabarani na mchoro wa ajali vipo (uk. 9 hadi 12), na vinakubaliana na maelezo ya dereva kuhusu mahali na uelekeo.

Kiasi kinachodaiwa: hosi 41,890,000, trela 17,500,000, kuvuta na kunyanyua gari 9,000,000. Jumla 68,390,000.

Matokeo ya mtathmini (uk. 21 hadi 34):
- Hosi: 33,250,000. Prefoma ya gereji ni 35,500,000 kabla ya VAT. Mtathmini ameondoa 2,250,000 za viti na kioo cha nyuma ambavyo alivikuta vizima. VAT hakuiweka kwa sababu mteja amesajiliwa na anairejesha TRA mwenyewe.
- Trela: 12,600,000. Ameondoa matairi saba yenye thamani ya 4,900,000. Anasema yalikuwa yamekwisha kabla ya ajali, na picha za uk. 29 zinaonyesha hivyo bila ubishi.
- Kuvuta: 4,500,000, ambacho ndicho kikomo cha mkataba.
- Jumla 50,350,000. Eksesi ya asilimia 5 ni 2,517,500. Kinachobaki 47,832,500.

Sasa suala zito. Kwenye uk. 31 mtathmini ameandika kwamba laini za breki za ekseli mbili za trela "zimelika hadi kwenye ribiti". Kwenye uk. 33, sehemu ya chanzo, anasema tu kwamba breki zilipoteza nguvu kwa joto "kutokana na mteremko mrefu". Hajaunganisha mambo hayo mawili, na hajasema kama gari lenye breki nzima lingefika chini salama. Mkataba (sharti la 4) unamtaka mteja aliweke gari katika hali ya kufaa barabarani. Tiketi ya mizani inaonyesha uzito ulikuwa ndani ya kiwango, kwa hiyo hoja ya kuzidisha mzigo haipo.

Dokezo: Ningependa tusiandike "tulipe" wala "tukatae" hadi mtathmini ajibu kwa maandishi swali moja: je, kuchakaa kwa laini ndiko kulikosababisha ajali, au kulikuwepo tu siku ya ajali? Hayo ni mambo mawili, na mteja akienda kulalamika TIRA, ndipo watakapoanzia. Pia kuna barua ya mwenye gari (uk. 38) kuhusu magunia 180 ya viazi yaliyooza kando ya barabara. Hajataja kiasi, na kinga ya mzigo haimo kwenye mkataba huu. Sijaiingiza kwenye hesabu.

MT/088: Moto, duka la vitenge na mashuka, Mwanjelwa

Maelezo ya hasara: Usiku wa tarehe 2 Oktoba 2025 moto ulianzia chumba cha jirani na kupenya kwenye dari. Ripoti ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji (uk. 6) inataja hitilafu ya umeme kwenye chumba hicho cha jirani. Mtathmini anakubaliana nayo, na hana shaka yoyote juu ya mteja wetu.

Kiasi kinachodaiwa: mali ya dukani 36,000,000, rafu na kaunta 6,600,000. Jumla 42,600,000. Kwa maneno fomu inasema "milioni arobaini na mbili". Nimechukua tarakimu kwa kuwa ndizo zinazojumlika. Kumbuka kwamba bima yenyewe ni ya 30,000,000 tu: mali 24,000,000 na samani 6,000,000.

Matokeo ya mtathmini: Kwa ankara za manunuzi na risiti za EFD, mali iliyokuwemo siku ya moto ilikuwa na thamani ya 40,000,000. Iliyoungua ni ya 31,500,000. Mabaki yaliyoloa maji yanaweza kuuzwa kwa 1,500,000, hivyo hasara halisi ni 30,000,000. Mzigo wa milioni 40 ulikatiwa bima ya milioni 24, yaani asilimia 60, kwa hiyo kanuni ya uwiano inashusha malipo ya mali hadi 18,000,000. Samani zilikatiwa bima ipasavyo. Baada ya kuondoa uchakavu ni 4,200,000. Jumla 22,200,000, toa eksesi ya asilimia 10, yaani 2,220,000. Kinachobaki 19,980,000.

Dokezo: Hesabu nimeirudia, iko sawa. Kilichobaki ni mazungumzo. Mama huyu amepiga simu mara kadhaa na kila mara anataja milioni 30, kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwenye hati ya bima anayoifahamu. Hakuna karatasi hata moja jaladani inayoonyesha kwamba wakala alimweleza uwiano wakati wa kukata bima, wala kwamba aliulizwa thamani ya mzigo ilipopanda kabla ya msimu wa sikukuu mwaka jana. Akipokea barua ya 19,980,000 bila kuitwa kwanza na kuonyeshwa hesabu, ataona tumemdhulumu. Naomba aitwe ofisini, na wakala awepo.

WZ/054: Wizi, duka la vipuri vya pikipiki, Mlandege, Iringa

Usiku wa kuamkia 12 Oktoba 2025. Fomu ya madai inasema 9,800,000. Maelezo ambayo mteja aliyatoa polisi siku ileile yanasema 6,150,000, na orodha ya polisi haina betri ambazo zimo kwenye fomu yetu. Tofauti ni 3,650,000.

Ripoti ya awali ya mtathmini ina ukurasa mmoja: kufuli halikukatwa, komeo halina alama, dirisha la nyuma lina nondo zilizo kamili. Anaandika kwamba mlango "ulifunguliwa kwa ufunguo au haukufungwa". Kinga ya wizi katika mkataba huu inadai kuvunja kwa nguvu. Ameomba orodha ya wenye funguo, na mteja hajaijibu tangu 27 Oktoba.

Dokezo: Betri zinaweza kuwa zilikumbukwa baadaye, hutokea. Ankara za betri zikipatikana, tofauti hiyo itaisha. Suala la mlango ndilo litakaloamua jalada hili.

KL/017: Parachichi, ekari 12, Njombe

Mvua ya mawe tarehe 24 Oktoba 2025 iliangusha matunda machanga na kuchuna mengine yaliyobaki mtini. Mteja anadai 18,000,000 na ameandika "karibu shamba lote". Bima ya shamba ni 24,000,000.

Mtathmini alihesabu miti kwenye vipande vitatu vya shamba: bondeni, katikati na juu. Bondeni hasara ni kubwa, juu karibu hakuna. Wastani wake ni asilimia 35, sawa na 8,400,000. Eksesi ya asilimia 10 ni 840,000. Kinachobaki 7,560,000. Miti yenyewe anasema itapona.

Mkataba unataka taarifa ndani ya siku 7. Fomu ilipokelewa tarehe 4 Novemba, siku ya 11. Lakini kuna barua ya afisa mtendaji wa kijiji ya tarehe 27 Oktoba inayosema mkulima aliripoti kwake na wakala alipigiwa simu siku hiyo. Wakala hajathibitisha.

Dokezo: Wakala akithibitisha simu hiyo, kuchelewa hakupo. Nimemwandikia leo asubuhi.

MG/246: Bajaji, Kabwe

Bima ndogo. Tarehe 30 Oktoba 2025 bajaji iligonga nguzo ikikwepa daladala. Mwenye chombo anadai 1,350,000 za kunyoosha bodi, shoo na taa. Bima ndogo hailipi uharibifu wa chombo cha mteja mwenyewe, na ndiyo maana mtathmini hakuteuliwa. Barua ya kukataa iko tayari, inasubiri saini yako.

Dokezo: Ila tusilifunge jalada. Ndani yake kuna barua ya abiria aliyevunjika mkono, iliyobanwa nyuma ya fomu kana kwamba ni kiambatisho. Hajataja kiasi anachodai. Risiti za hospitali alizoweka zina jumla ya Sh 412,000. Huyo ni mtu wa tatu, na dai lake ndilo hasa ambalo bima ya lazima chini ya Sura 169 ipo kwa ajili yake. Naomba ruhusa nimfungulie jalada lake Jumatatu asubuhi, na barua ya kumjulisha itoke siku hiyohiyo.

Majalada yenyewe yako mezani kwako, yenye karatasi ya njano kwenye kila ukurasa niliotaja. Jalada la Iringa ni nakala. La asili lingali kwa mtathmini.